Thumni Iliyogeuka Tusui: Mirathi na Wosia katika Familia za Dini Mbili Rungwe

Katika vikao vya mirathi vya Tukuyu nimesikia mara nyingi kauli mbili zinazopingana, na mara nyingine zimetoka kinywani mwa mtu yuleyule. Ya kwanza husema: "Marehemu alikuwa Mwislamu, kwa hiyo wosia hauna kazi, Mungu amekwisha gawa." Ya pili husema: "Marehemu ameandika wosia, kwa hiyo hizo hisa za Kurani zimekwisha." Kauli zote mbili zina makosa, na gharama ya makosa hayo huwaangukia wanawake: mama mzazi, mjane na mabinti. Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu wanafunzi wangu wanaotoka Rungwe wamekuwa wakiniuliza, na kwa sababu watumishi wa mahakama na wa halmashauri wanaosoma ukurasa huu hukutana nalo mezani kwao.

Rungwe ina namna yake. Wamoraviani walifungua misheni yao pale Rungwe mwaka 1891, na hadi leo ukisema Mnyakyusa wengi hudhani umesema Mkristo. Waislamu wapo, mjini Tukuyu na kwenye masoko ya barabara kuu, lakini ni nadra kumkuta Mwislamu wa Rungwe ambaye ukoo wake wote ni wa Kiislamu. Mara nyingi baba alisilimu, mama akabaki Moraviani. Au kijana alisilimu peke yake na wazazi wote wawili wakabaki kanisani. Au mwanamume Mwislamu alimwoa binti wa Kilutheri, akaendelea na dini yake. Vitabu vya mirathi vinavyosomwa madrasa za pwani vimeandikwa kwa familia ambazo watu wake wote huswali msikiti mmoja. Hapa kwetu swali la kwanza la mirathi ni hili: nani ni mrithi na nani si mrithi, hata kama alimzaa marehemu?

Tuanze na familia ya kitabuni, kisha tuilete Rungwe.

Mfano huu nimeutunga, na namba zake nimezifanya nyepesi. Mwanamume Mwislamu wa Tukuyu anafariki. Ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Hana mtoto wa kiume. Ameacha nyumba mjini yenye thamani ya shilingi milioni 50, shamba la chai huko Katumba la milioni 24, na milioni 10 za bidhaa dukani na akiba. Ukiwauliza watu kikaoni mirathi ni kiasi gani, watajumlisha haraka: milioni 84. Jibu hilo si sahihi, na kabla ya kutaja hisa yoyote ni lazima tulisahihishe.

Nyumba ilijengwa na wote wawili. Mke alikuwa akiuza ndizi na viazi, na tofali zilichomwa kwa fedha yake. Nusu ya nyumba ni mali yake, na mali ya aliye hai hairithiwi. Sheria ya Kiislamu iko wazi hapa pengine kuliko mfumo mwingine wowote, kwa kuwa haimezi mali ya mke ndani ya mali ya mume; alichochuma mke ni chake. Mahakama ya Rufani nayo, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilisema kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilihusu talaka, wala halikuhusu kifo, na wanandoa wake walikuwa Waislamu. Lakini mjane anayejua kulieleza jambo hili mahakamani huanza na nusu ya nyumba mkononi kabla hajadai thumni yake. Asiyejua huambiwa kwamba thumni ndiyo kila kitu.

Kwa hiyo upande wa marehemu una milioni 25 za nyumba, 24 za shamba na 10 za duka, yaani milioni 59. Kutokana na hizo hutolewa gharama za mazishi, milioni moja. Mkopo wa mbolea wa chama cha ushirika, milioni mbili na nusu. Na mahari iliyobaki, milioni moja na nusu. Hilo la mwisho husahaulika sana. Mahari iliyoahidiwa na kutolipwa ni deni la marehemu kama deni la mbolea. Mjane hulidai akiwa mdai, tena kabla ya warithi wote, na kulipwa kwake hakupunguzi hata senti ya hisa yake ya urithi. Zinabaki milioni 54. Hizo ndizo tutakazogawa, tukichukulia kwa sasa kwamba hakuna wosia.

Hisa zimetajwa katika Sura ya Nne, An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mke ambaye mumewe ameacha mtoto hupata thumni, moja ya nane. Mabinti wawili au zaidi wasio na ndugu wa kiume hupata theluthi mbili kwa pamoja. Baba na mama, kila mmoja, hupata sudusi, yaani moja ya sita, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Sasa jumlisha. Tukitumia ishirini na nne kama kipimo, mke ana 3, mabinti wana 16, baba ana 4 na mama ana 4. Jumla ni 27. Mali ina mafungu ishirini na manne, nazo haki zilizotajwa ni ishirini na saba.

Mwanafunzi mmoja aliponiona naandika namba hizi ubaoni alisema, "Mwalimu, hapo Kurani imekosea hesabu." Si yeye wa kwanza kulishangaa, na jibu lina umri wa miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu. Tatizo la hisa kuzidi mali lilijitokeza zama za Khalifa Umar, na uamuzi uliochukuliwa, baada ya kushauriana na masahaba, ulikuwa kumpunguzia kila mtu kwa uwiano, vile wanavyopunguziwa wadai wa mfilisi ambaye mali yake haitoshi. Utaratibu huo huitwa aul. Mafungu yanafanywa kuwa 27 badala ya 24, na kila mmoja anabaki na idadi yake ya mafungu. Inasimuliwa kwamba Khalifa Ali aliulizwa suala hilihili la mke, mabinti wawili na wazazi akiwa juu ya mimbari, naye akajibu palepale bila kukatiza hotuba kwamba thumni ya mwanamke yule imegeuka tusui, moja ya tisa. Ndiyo maana wanazuoni huliita suala la mimbari.

Kwa milioni zetu 54, kila fungu ni milioni mbili. Mke anapata milioni 6, mabinti milioni 32 yaani 16 kila mmoja, baba milioni 8 na mama milioni 8. Angekuwepo mtoto mmoja wa kiume, hesabu ingebadilika yote: mke angebaki na thumni yake kamili, wazazi na sudusi zao, na kilichobaki kingegawanywa kwa watoto, wa kiume akipata maradufu ya wa kike. Aul isingehitajika. Na nitaje kando kwamba si Waislamu wote wanaokubali aul. Ibn Abbas aliipinga, na Mashia Ithnaashari hadi leo hawaitumii. Kwao upungufu huwaangukia mabinti, si mke wala wazazi. Waislamu wengi wa Tanzania ni Sunni wa madhehebu ya Shafii, na kwao aul ndiyo kanuni.

Hiyo ndiyo familia ya kitabuni. Sasa iweke Rungwe kwa kubadili jambo moja: mama wa marehemu ni Moraviani.

Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, na kwa hadithi inayokubaliwa na madhehebu yote manne, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Mama aliyembeba mwanawe mgongoni shambani, aliyelipa ada yake ya shule kwa fedha ya majani ya chai, hana fungu. Mafungu yanarudi kuwa 24, kwa kuwa sasa aul haihitajiki: mke 3, mabinti 16, baba 4, na lile fungu moja linalobaki analichukua baba kama asaba, yaani mrithi wa kiume anayepokea kinachosalia baada ya wenye hisa. Mke anapata milioni 6 na laki saba na nusu, mabinti milioni 36, baba milioni 11 na robo. Mama hapati kitu.

Hapo ndipo kikao huvunjika. Nimewasikia wajomba, wote watu wa kanisa, wakisema kwa uchungu kwamba Uislamu umewaibia dada yao. Nimewasikia vijana wa msikitini wakijibu kwamba sheria ni sheria. Pande zote mbili zimeiacha nusu nzima ya sheria hiyo wanayoibishania, na nusu hiyo ni wosia.

Wosia katika Uislamu una mipaka miwili. Wa kwanza ni kiasi: hauzidi thuluthi ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni. Mpaka huu unatokana na kisa cha Saad bin Abi Waqqas, aliyekuwa mgonjwa akiwa na binti mmoja tu wa kumrithi, akataka kuusia theluthi mbili za mali yake. Mtume alimkatalia, akamkatalia na nusu, akamruhusu thuluthi huku akimwambia kwamba hata hiyo ni nyingi. Mpaka wa pili ni mtu: huwezi kumwusia mrithi, kwa kuwa fungu lake limekwisha tajwa, isipokuwa warithi wengine wakubali.

Usome tena mpaka wa pili ukimfikiria mama yetu Moraviani. Kinachomzuia mtu kuusiwa ni kuwa mrithi. Mama huyu si mrithi. Kwa hiyo tofauti ya dini inayomfungia mlango wa hisa ndiyo inayomfungulia mlango wa wosia, na madhehebu yanakubali kwamba Mwislamu anaweza kumwusia asiye Mwislamu. Ibn Hazm wa Andalusia alikwenda mbali zaidi: alisema kuwausia jamaa wa karibu wasiorithi ni wajibu, akitegemea aya ya 180 ya Sura Al-Baqara inayotaja wosia kwa wazazi na jamaa. Wengi hawakumfuata katika kulifanya wajibu, ila wamelihesabu kuwa jambo jema linalopendekezwa.

Basi marehemu wetu angeandika, akiwa hai na mwenye akili timamu, kwamba mama yake apewe moja ya sita ya kinachobaki baada ya madeni. Moja ya sita ya milioni 54 ni milioni 9, iliyo chini kabisa ya thuluthi, ambayo ni milioni 18. Milioni 45 zinabaki kwa warithi. Mke anapata thumni yake, milioni 5 na laki sita na elfu ishirini na tano. Mabinti wanapata milioni 30, kila mmoja 15. Baba anapata milioni 9 na laki tatu na elfu sabini na tano. Ukilinganisha na familia ya kitabuni, ambamo mama alikuwa Mwislamu, utaona kwamba watu wote watano wako karibu na pale walipokuwa, na mama ana milioni moja zaidi. Hakuna aya iliyokiukwa, na hakuna aliyebembelezwa atoe sahihi ya ridhaa. Kilichohitajika ni ukurasa mmoja wa karatasi.

Hali ni hiyohiyo kwa mke Mkristo. Ndoa yake na Mwislamu ni halali, lakini hamrithi mumewe. Asipoandikiwa wosia, anaondoka na mali yake mwenyewe na mahari yake, basi. Akiandikiwa, anaweza kupata hadi thuluthi nzima, ambayo ni zaidi ya maradufu ya thumni ya mke Mwislamu. Nimewaona watu wakikasirika wanapoona tofauti hiyo, lakini ndivyo hesabu ilivyo: mke Mwislamu ana fungu dogo ambalo hakuna awezaye kumnyang'anya, na mke Mkristo ana uwezekano wa fungu kubwa ambao unategemea kabisa kama mumewe alishika kalamu au hakushika. Mwanamume wa Rungwe mwenye mke Mkristo ambaye hajaandika wosia amemwachia mkewe mikono mitupu, hata kama hakukusudia.

Kuna kazi nyingine ya wosia ambayo haitajwi katika vitabu vya mirathi, kwa kuwa inatokana na sheria za nchi. Tanzania Bara haina mahakama za kadhi zenye mamlaka ya dola kama zilizopo Zanzibar na Kenya. Makadhi wa BAKWATA hutoa nasaha na usuluhishi. Mirathi ya Mwislamu wa Tukuyu inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo inaweza kutumia sheria ya Kiislamu au sheria ya kimila, na hakimu ndiye anayelazimika kuamua ni ipi inayomhusu marehemu. Huangalia maisha aliyoishi na kauli alizoziacha, zikiwemo alizoziandika.

Sasa fikiria mdogo wa marehemu, wa tumbo moja. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huku Rungwe katika miaka ya 1930, waliandika kwamba kwa desturi ya Wanyakyusa mali ya mtu ilipita kwanza kwa ndugu zake wa kiume wa mama mmoja kabla ya kurejea kwa watoto. Desturi hiyo imepungua nguvu, lakini kumbukumbu yake bado hutajwa vikaoni. Na Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika sheria za mirathi za makabila yanayofuata upande wa baba, linawaweka mabinti daraja la tatu, nyuma ya mtoto mkubwa wa kiume na wa kiume wengine, na linamnyima mjane fungu endapo mumewe ameacha jamaa wa ukoo. Kanuni zake zimepigwa vita. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Ephrahim na Pastory, alikataa kanuni iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliitia Tanzania hatiani kwa malalamiko ya wajane wawili kutoka Shinyanga. Hata hivyo bado ni kanuni ambazo mtu anaweza kuziinua mahakamani.

Katika familia yetu, baba akiwa hai, mdogo wa marehemu hana fungu la Kiislamu, kwa kuwa baba humzuia. Ataona faida gani kusema kwamba marehemu alikuwa Mwislamu? Atasema alikuwa Mnyakyusa kwanza, aliyekunywa togwa na kuzika kwa mila. Lakini badili kidogo: baba amekwisha fariki. Sasa mdogo wa marehemu ni asaba, na lile fungu linalobaki ni lake, kwa hiyo atakuja na kofia na msahafu. Sijui ni wangapi wenu mmemwona mtu huyu, mimi nimemwona. Sentensi moja ya wosia, inayosema kwamba mimi ni Mwislamu na nataka mali yangu isimamiwe na igawiwe kwa sheria ya Kiislamu, humpa hakimu kauli ya marehemu mwenyewe na kumwondolea mdogo mtu nafasi ya kuchagua sheria kulingana na tumbo lake.

Wanaharakati wenzangu wataniuliza kwa nini wosia usitumike kumsawazisha binti na kaka yake. Hauwezi. Binti ni mrithi, na wosia kwa mrithi unasimama tu kwa ridhaa ya warithi wengine. Wengi hupotea hapa: baba huandika kwamba nyumba yote ni ya mabinti, huwaita warithi wote waweke sahihi angali hai, kisha hufa akiamini amemaliza. Kwa Mashafii ridhaa ya kabla ya kifo haifungi, kwa kuwa mtu hawezi kusamehe haki ambayo bado hajaipata. Warithi huulizwa baada ya kifo, na wenye umri mdogo hawawezi kuridhia wala mlezi wao hawezi kuwasamehea. Anayetaka kumpa binti nyumba ampe sasa, kama hiba, akiwa na afya yake. Kwa Mashafii hiba haitimii mpaka ikabidhiwe. Kama ni ardhi ya kijiji, kukabidhi huko kunapitia halmashauri ya kijiji, na jina la binti linaingia kwenye hatimiliki ya kimila. Hiba iliyotolewa kitandani, katika maradhi ya kifo, huhesabiwa kama wosia, na mipaka yote miwili humrudia. Na katika hiba wazazi wameagizwa kuwatendea watoto haki, kwa hiyo asije mtu akaitumia kuwanyima mabinti kile walichotajiwa.

Juu ya maandishi yenyewe, nimesoma nyaraka kadhaa ambazo familia zimeniletea, na kasoro zake hufanana. Ya kwanza ni mwandishi kugawa hisa za warithi kwa majina na shilingi. Hisa hujulikana siku ya kifo tu. Akizaliwa mtoto wa kiume baada ya wosia kuandikwa, au mzazi akitangulia, karatasi nzima hupingana na sheria iliyodai kuifuata. Inatosha kusema warithi wagawiwe kisheria, bila tarakimu. Anayeusiwa ndiye aandikwe kwa jina, na kiasi chake kiandikwe kama sehemu ya mali, si kama fedha. "Milioni 9 kwa mama" inaweza kuwa chini ya thuluthi leo na kuipita baada ya miaka kumi kama biashara imeanguka. "Moja ya sita ya kinachobaki baada ya madeni" haiwezi kuipita kamwe. Na aandikwe pia wa pili wake, kwa sababu aliyeusiwa akifa kabla ya mwenye wosia, wosia wake hufa naye. Mama aliyeandikiwa ana umri mkubwa kuliko anayeandika.

Kasoro ya pili ni mashahidi. Uislamu unataka mashahidi wawili waadilifu. Sheria ya kimila katika Tangazo lile la 436 inataka wawili kwa wosia wa maandishi, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na wanne kama mwenye wosia hajui kusoma na kuandika. Kwa kuwa hujui mdogo wako atakwenda mahakamani na sheria ipi, chukua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, na asiwemo hata mmoja anayepata kitu katika wosia huo. Wosia ambao mashahidi wake wote ni wa nyumba moja, umepigwa dole gumba badala ya sahihi ilhali marehemu alikuwa mwalimu, tena umetokea wiki moja baada ya arobaini, hakimu atautazama kwa jicho la pembeni, na atakuwa na haki.

Ya tatu ni wosia kunyamaza juu ya madeni na mali ya mke. Marehemu ndiye shahidi bora wa mambo hayo, na wosia ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kushuhudia. Aandike kwamba nusu ya nyumba ni ya mke wangu, tuliijenga pamoja. Kwamba mahari iliyobaki ni kiasi fulani. Kwamba fulani ananidai na fulani namdai. Maneno hayo hayahesabiwi katika thuluthi, kwa sababu hayampi mtu kitu kipya. Yanataja kilichokuwa chake tangu mwanzo.

Karatasi hiyo isilale chini ya godoro. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, hupokea na kuhifadhi wosia, na nakala inaweza kubaki kwa mtu asiyerithi anayeaminika. Msimamizi aliyetajwa ndani yake ajue kwamba ametajwa na akubali, kwa sababu baada ya kuteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne, isipokuwa akiongezewa muda, ya kuwasilisha Fomu Na. 5 yenye orodha ya mali na Fomu Na. 6 yenye hesabu ya mgawanyo. Mahakimu na makarani mnaosoma haya, fomu hizo mbili ndizo dirisha la mjane. Orodha ikionyesha nyumba nzima ya milioni 50 kuwa ya marehemu wakati mkewe yuko hai na alichoma tofali, muulizeni mke kabla hamjagonga mhuri. Na msimamizi akileta mgawanyo wa mke, mabinti wawili na wazazi wote Waislamu uliojumlishwa kwa ishirini na nne, huku kila mtu amepata hisa yake kamili, kuna mtu ambaye fungu lake lipo kwenye karatasi tu.